Barua ya Paa na Chumba cha Nyuma

Tulikuwa watu sita, ukimtoa mtoto wangu wa kwanza ambaye alikuwa mgongoni na hakusema kitu. Kwanza mume wangu, karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Pili mwenyekiti wa chama, ambaye alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, na ndiye aliyempa ile kazi. Tatu mweka hazina, mzee wa jirani na shamba la baba yangu kule mlimani, mtu aliyenibeba nikiwa mdogo. Nne mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Same, Mwislamu, ambaye babu yake alifika pale kabla ya reli. Tano mke wake. Wa sita ni mimi, niliyefagia ofisi na kuchemsha chai, na niliyelala na mume wangu katika chumba cha nyuma cha hiyo ofisi.

Majina yao yote ninayo, pamoja na ya baba zao. Mjukuu wangu anayenisaidia kuandika ameniambia, bibi, usiandike jina la mtu, vitukuu wao bado wana maduka pale. Basi nimemeza majina. Lakini ninayo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile chama kilipoanza kushusha kahawa yake chenyewe hadi stesheni. Chama kilikuwa na ofisi Same, katika nyumba ya kupanga, karibu na barabara ya kwenda stesheni. Kuta za mawe, paa la bati. Upepo wa Same mnaujua. Unashuka mlimani mchana kama mtu aliyetumwa, na lile bati lilikuwa limelegea misumari, linapiga makofi juu ya vichwa vyetu kutwa nzima. Mvua ikinyesha, maji yanashukia mahali pawili: juu ya meza ya mume wangu, na juu ya kitanda chetu. Nilikuwa na debe moja. Mume wangu alilitaka lile debe kwa ajili ya karatasi za chama, mimi nalitaka kwa ajili ya mtoto. Hapo ndipo pa kujua kama mtu ni karani kwanza au baba kwanza. Nisiseme alichagua nini.

Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha mwisho wa Desemba. Ndani yake iliandikwa kwamba chama kikitaka kuendelea, lazima kiseme kwa barua miezi mitatu kabla. Kisiposema, mwenye nyumba yuko huru kumpa mwingine. Mambo haya mimi sikuyajua. Nilisoma miaka miwili tu, kwa walimu wa kanisa, nikatolewa kwenda kumlea mdogo wangu. Lakini nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mume wangu akipiga taipureta, mimi na ufagio wangu nasimama nyuma ya kiti.

"Unaandika nini?"

"Barua."

"Najua ni barua. Inasema nini?"

"Inasema fagia."

Siku hiyo aliniambia, kwa sababu alikuwa anajivunia. Kamati ilikuwa imekaa na kukubaliana. Chama kitaomba miaka mitatu mingine. Kodi ya zamani ilikuwa shilingi sitini kwa mwezi. Chama kitakubali kupanda hadi sabini, lakini kwa sharti: mwenye nyumba atengeneze paa, mifereji ya maji na kuta za nje, na ile kodi mpya isianze mpaka paa liwe zima. Chama nacho kitapaka chokaa ndani, kitabadilisha vioo vikivunjika, na kutunza vitasa na makufuli. Tena mwenye nyumba akiandikiwa kwamba kuna uharibifu na siku thelathini zikapita bila kufanya kitu, chama kitengeneze chenyewe na kukata gharama katika kodi. Na mwisho, chama kiendelee kumweka karani wake katika chumba cha nyuma.

Hapo mwisho ndipo masikio yangu yaliposimama. Kama si chumba kile, tungekaa wapi? Mshahara wa karani haukutosha kupanga chumba mjini. Ningerudishwa mlimani kwa mama mkwe, na mume wangu abaki Same akilala juu ya magunia. Nilikwisha kuwaona wanawake walioachwa mlimani namna hiyo. Mume anakuja Krismasi, mtoto anamkimbia kama mgeni.

"Umeandika chumba?" nikamwuliza.

"Nimeandika."

"Umeandika vizuri?"

"Mama mtoto, mimi ni karani."

Sasa nieleze kosa lilikotoka, maana lilitoka kwetu wenyewe, watu wa mlimani. Mkataba wa zamani ulitumia maneno ya kawaida, "mwenye nyumba" na "chama". Mume wangu aliona hayo ni maneno ya sokoni. Alitaka maneno ya ofisi. Alikuwa amesikia mahali, nadhani bomani, mpangaji na mpangishaji, akayapenda. Lakini kule kwetu kila mtu hujenga nyumba yake. Akioa, ndugu na majirani wanamsaidia, anaingia. Nani amepanga kwa nani? Kiswahili tulikijia shuleni na kanisani, na shuleni hawakufundisha habari za kodi. Kupanga kwetu kulikuwa ni kupanga mambo, kupanga safu, kupanga kazi. Basi mume wangu alifikiri kwa akili yake nzuri: anayepanga mambo ya nyumba ni nani? Ni mwenye amri, ni mwenye nyumba. Huyo ndiye mpangaji. Na yule anayepangiwa, anayepangishwa, ndiye mpangishaji.

Mwenyekiti alipokuja siku ya soko kutia sahihi, alisomewa barua yote. Nilikuwepo, namimina chai.

"Hebu ngoja," alisema. "Mpangaji ndiyo nani?"

"Ndiye mwenye kupanga, mjomba."

"Ah. Mwenye nyumba."

"Huyo huyo."

"Basi sawa. Kiswahili chako kizito, mpwa wangu, kama gunia la kahawa iliyolowa." Akatia sahihi nakala zote mbili, ya juu na ya kaboni. Mweka hazina naye akaguna, akasema yeye haoni haja ya barua. Bati likilegea unaita msaragambo, kila ukoo unatoa mtu, kazi inaisha mchana mmoja.

"Halafu paa linakuwa la nani?" mwenyekiti akamwuliza.

"La nyumba."

"Na nyumba ya nani?"

Mzee akanywa chai. Lakini niliona kwamba hakukubali.

Barua niliipeleka mimi, pamoja na lile daftari ambalo mpokeaji anatia sahihi kuonyesha kwamba imefika. Mwenye nyumba alikuwa dukani kwake, amekaa kwenye baraza na kofia yake ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mlimani wazima?"

Akafungua. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Kisha akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Mumeo ameiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mwenyekiti ametia sahihi. Naiona."

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Haya, haya." Akatia sahihi katika daftari.

Nilirudi na ile "haya" yake kichwani. Mtu akiambiwa atengeneze paa zima, na mifereji, na kuta, anasema haya mara tatu huku anatabasamu? Nilimwambia mume wangu. Akasema ni kwa sababu ya zile shilingi kumi za nyongeza. Nikasema, shilingi kumi kwa mwezi zinanunua bati ngapi? Akasema fagia.

Barua ilimpa siku kumi na nne za kujibu. Siku ya kumi, asubuhi, nimeanika nepi kwenye kamba, mke wa mwenye nyumba akapiga hodi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, watoto wake wote wamekua. Tulizoea kupeana chumvi na moto. Akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma, akatoa uzi kifuani, akaunyoosha kwenye dirisha langu. Akafunga fundo. Akaupima kutoka juu kwenda chini, akafunga fundo la pili.

"Mama," nikasema, "unapima nini?"

"Pazia, mwanangu."

Nikafurahi. Nikadhani mwenye nyumba ameamua kutuwekea na mapazia. "Mungu awabariki," nikasema. "Mimi napenda la maua."

Akanigeukia, ule uzi mkononi. "Si lako, mwanangu. La mpwa wa mume wangu. Anatoka Mwanga, anakuja kumsaidia mzee kazi za dukani. Atakaa hapa kuanzia Januari." Kisha akaona uso wangu. "Kwani hamjui? Nyinyi wenyewe ndio mlioandika."

"Tumeandika nini?"

"Kwamba mpangishaji atamweka karani wake chumba cha nyuma."

"Ndiyo. Mpangishaji ni sisi."

Yule mama aliketi kitandani kwangu. Hakucheka kwanza. Alinitazama kama mtu anayeona kitu kidogo chini ambacho hajui kama ni mdudu au mbegu.

"Mwanangu, nani anayekula?"

"Mtu mwenye njaa."

"Na anayelisha?"

"Anayempa mwingine chakula."

"Huyu mtoto ananyonya. Wewe?"

"Namnyonyesha."

"Basi. Anayepanga ni nani? Na anayepangisha ni nani?"

Nilisimama pale. Nakumbuka bati lilikuwa linapiga makofi juu. Miaka yangu yote nilikuwa nikisema nakunywa na nanywesha, nalala na nalaza, na sikuwahi kuona kwamba ndani ya neno mnakaa watu wawili, mmoja anapokea na mwingine anatoa, na kinachowatenga ni kisauti kidogo tu pale mwishoni. Niseme kweli, kabla ya kuogopa nilistaajabu. Nilitaka kukaa nimwulize mengine. Kuazima je? Mbona anayechukua na anayetoa, wote tunasema ameazima?

Ndipo nikakumbuka paa.

"Mama," nikasema, "basi na paa..."

"Na paa, na mifereji, na kuta za nje," akasema. Sasa alicheka, mpaka kitanda kikalia. "Sisi tupake chokaa tu na kuweka vioo. Mzee alisema watu wa mlimani wameokoka kweli kweli."

"Ameshajibu?"

Hapo akaacha kucheka. Akatazama uzi wake. Nadhani aliona kwamba ameshasema mengi. Lakini alikuwa mama wa watu. "Ameandika jibu," akasema polepole. "Liko chini ya kopo la buni. Anasema atalileta baada ya sala ya Ijumaa, ili lifike siku zikielekea kwisha." Akainuka, akaniachia ule uzi juu ya kitanda, sijui kwa kusahau au kwa makusudi, akatoka.

Ilikuwa Jumatano.

Mume wangu nilimkuta mezani. Sikumwambia mpangishaji ni nani. Nilimwuliza, "Nani anayekula, na nani anayelisha?" Akasema ana kazi. Nikauliza tena. Akajibu. Nikauliza ya kunyonya. Nilipofika kwenye kupanga, mkono wake ulikwishaanza kutafuta ile nakala ya kaboni kwenye faili. Akaisoma amesimama. Halafu akakaa, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye vioo.

"Mjomba atanifukuza," akasema.

"Labda."

"Wote wataniita Mpangishaji mpaka nife."

"Hilo ndilo la hakika," nikasema. Nikaona machozi yanamlenga. Kisha nikamwuliza lile nililotaka kujua. "Barua ikishapelekwa, huwezi kuirudisha?"

Akafikiri. Akasema, barua ile ni ombo, ni ombi, alichanganya maneno kwa hofu, ni pendekezo. Mwenye nyumba akijibu amekubali, imefungwa. Kabla hajajibu, aliyeandika anaweza kuiondoa na kuleta nyingine. Na Septemba haijaisha, kwa hiyo ile miezi mitatu ya taarifa bado haijatupita.

"Na ameandika jibu lakini hajalituma," nikasema. "Liko chini ya kopo."

"Umejuaje?"

"Nilifagia," nikasema.

Barua ya pili aliandika saa ile ile. Alianza kwa kusema kwamba barua ya kwanza imeondolewa na haina nguvu tena. Kisha masharti yote upya, na safari hii "mwenye nyumba" na "chama", maneno ya sokoni, mstari kwa mstari. Lakini sahihi ilitakiwa ya mwenyekiti, na mwenyekiti hushuka siku ya soko, Alhamisi. Tulingoja. Mume wangu hakula. Mimi nilikula, maana nilikuwa nanyonyesha.

Alhamisi mwenyekiti alifika na mweka hazina, vumbi la njia mpaka magotini. Mume wangu alisimama akasema yote bila kujificha. Hilo nalisema kwa heshima yake. Alisema, "Mjomba, nimekosa neno, na nimekupa utie sahihi kosa langu."

Mwenyekiti akachukua barua zote mbili. Akazilinganisha muda mrefu. "Mimi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mpangaji ndiyo nani."

"Uliniuliza, mjomba."

"Ukaniambia."

"Nikakuambia."

"Na mimi mjinga nikajibu sawa." Akashika kalamu. "Kuanzia leo, neno ambalo mweka hazina halielewi halitoki katika ofisi hii." Mweka hazina akasema hata sasa bado haelewi kwa nini wasiite msaragambo. Mwenyekiti akatia sahihi.

Tulikwenda wote kwenye baraza la mwenye nyumba. Alitukaribisha kwa kahawa, akaweka barua ya pili pembeni bila kuisoma. "Hii ya kwanza naipenda zaidi," akasema.

"Umeshaijibu?" mwenyekiti akauliza.

"Jibu nimeliandika."

"Limetufikia?"

Macho ya mzee yalikwenda kwenye kopo la buni, kisha kwa mkewe aliyesimama mlangoni. "Wewe na uzi wako!" akamwambia. Mkewe akatazama barabara kama aliyeitwa na mtu.

"Kama halijatufikia, hujatujibu," akasema mwenyekiti. "Tunaiondoa ile, tunakupa hii."

Mwenye nyumba alisoma ya pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na biashara ilikuwa imemjia mlangoni kwa miguu yake. Sasa alipokuta imeondoka, akaanza kuhesabu kama kawaida. Akasema paa zima hawezi. Bati na misumari atanunua, ila mafundi wa Same ni ghali. Tena kukata gharama katika kodi hakubali mpaka aonyeshwe risiti kwanza. Wakabishana, kahawa ikamiminwa tena. Nilikaa chini pembeni na mtoto, nasikiliza jinsi neno moja linavyovutwa huku na huku kama kamba ya mbuzi.

Ndipo mweka hazina, ambaye wote tulidhani amesinzia, akasema, "Yeye alete bati. Sisi tulete watu. Na kodi isifike sabini."

Wote wakamtazama.

"Msaragambo," akasema. "Nimekuwa nikisema tangu mwanzo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nyumba alinunua bati, misumari na mifereji. Chama kilileta nguvu za watu. Kodi ikawa shilingi sitini na tano, kuanzia paa litakapokamilika. Ya ndani yetu, ya nje yake, na risiti zionyeshwe. Kuhusu chumba cha nyuma mwenye nyumba alisita, akasema mpwa wake ameshafunga mzigo. Mkewe akasema kutoka mlangoni kwamba mpwa ana miguu miwili na nyumbani kwao mna vyumba vinne. Mzee akasema haya. Safari hii mara moja tu, bila kutabasamu. Mkataba ukapigwa nakala mbili, stempu ikabandikwa, wakatia sahihi juu yake.

Watu walishuka kutoka mlimani kabla ya vuli, wanaume kama ishirini. Mwenye nyumba alisimama chini na kofia yake akiwahesabia misumari. Kila mtu aliyepanda ngazi alimwita mume wangu Mpangishaji. Akaitwa hivyo miaka yote, na mazikoni kwake pia mtu mmoja alisema, tukacheka tukiwa tunalia.

Ule uzi nilioachiwa niliufunga kwenye misumari miwili, nikatundika pazia langu, kipande cha kanga kuukuu chenye maua. Mvua ya kwanza ilipokuja nililiweka debe mahali pake kwa mazoea, nikakaa kulitazama. Halikupata tone. Mtoto alilala chini ya dirisha lake.

Sasa mnaosoma. Nimesema sitini na tano, lakini mdogo wangu aliwahi kusema ilikuwa sitini na saba, na ule mkataba uliliwa na mchwa. Nimesema mpwa alikuwa anatoka Mwanga. Pengine ilikuwa Ngujini, na Mwanga alipita tu. Na kama yuko mjukuu wa yule mama aliyeketi kitandani kwangu, aniambie: ule uzi, bibi yenu aliusahau, au aliniachia? Nikikosea mnisahihishe. Mimi tayari nimeshaona herufi mbili tatu zinavyoweza kumtoa mtu chumbani mwake.